Jumamosi chumba cha baridi kilipokufa sendofu ikiwa ukumbini (kisa kirefu, vuta kiti)

Mpishi_wa_Zamu

Wakuu, kwema? Nina siku mbili sijalala sawasawa, acha nilitoe hili moyoni. Mimi ni mpishi kwenye mgahawa mmoja hapa Dar, upande wa baharini, jina lake halina kazi hapa. Siyo mpishi mkuu, ni msaidizi wake, ila Jumamosi mkuu alikuwa Moshi msibani, kwa hiyo jiko zima lilikuwa begani kwangu.

Jumamosi yenyewe ni ya mwisho wa mwezi. Meza za mbele zimejaa, na ukumbi wa nyuma kuna sendofu ya watu 60. Wanaojua sendofu wanajua: shangazi wa bibi harusi anakuja kuchungulia masufuria kabla hujatoa hata sahani moja.

Chumba chetu cha baridi siyo kikubwa, kama mita mbili na nusu kwa tatu, na kinatakiwa kukaa nyuzi 2 mpaka 3. Siku hiyo ndani yake mlikuwa na jodari wa vipande kilo 18 kwenye trei, changu wazima kreti mbili, kamba kilo 12, kuku 40 walioloweshwa viungo tangu asubuhi, paja la ng'ombe, wali uliopikwa mchana, tui, krimu, na mboga zimebanana mpaka mlangoni.

Saa 1:40 usiku dogo wa maandalizi akanijia na siagi mkononi. "Bro, mbona siagi imelegea?" Siagi iliyotoka kwenye baridi ukiibonyeza inakugomea. Hii kidole kilizama.

Nikaingia mwenyewe. Taa inawaka, feni zinavuma kama siku zote, upepo unanipiga usoni. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka jioni nzima, watu wanaingia na kutoka, sauti ni ileile. Upepo ulikuwepo, baridi ndiyo haikuwepo. Nje ya mlango kuna kioo kidogo cha kusomea nyuzi, na nyie mtacheka: kilikuwa kimefunikwa na karatasi ya oda ya sendofu. Niliibandika mimi mwenyewe saa 10 jioni ili kila mtu aione. Nikaibandua. Inasoma 12.

Daftari la nyuzi lina saini ya saa 9 alasiri, nyuzi 3. Saa 12 jioni mstari mtupu, kila mtu alikuwa kwenye kukatakata. Kwa hiyo kilikufa wakati wowote ndani ya saa nne na dakika arobaini, na mimi sijui ni lini.

Nakula kidogo, narudi.

Kaka_wa_Tabata

Nimekaa paleee mbele na kahawa yangu. Usije ukatuacha njiani kama wale wengine.

GesiTupu

Hapo gesi imeisha tu, hakuna kingine. Feni inapuliza, baridi hakuna = gesi. Unamwita fundi anajaza, dakika 20 mnaendelea na sendofu. Mimi yangu ya buchani najaza kila baada ya miezi mitatu.

Mzee_Jokofu

GesiTupu, gesi haiishi kama mkaa. Inazunguka mlemle kwenye bomba miaka na miaka. Ukiona unajaza kila miezi mitatu una tundu, na fundi wako analijua hilo tundu vizuri sana, maana ndilo linalomlipia kodi ya nyumba.

Kwa maelezo ya mtoa mada bado sisemi kitu. Ila jambo la feni kuvuma nalielewa. Feni za ndani mara nyingi zina njia yake ya umeme. Kompresa ikikatwa na swichi ya ulinzi, zenyewe haziambiwi. Zinaendelea kuchanganya hewa tu, na mota zake zinaongeza joto kidogo humo humo. Mtoa mada, ulizizima?

Dada_wa_Mbezi

Samahani wapendwa, na mimi friji yangu ya nyumbani juu inagandisha vizuri ila chini maziwa yanachacha. Je, niongeze namba kwenye kile kitufe?

Mpishi_wa_Zamu

Mzee, sikuzizima. Ndiyo kwanza nasikia hilo leo. Ziliendelea kuvuma saa nzima.

Naendelea. Kitu cha kwanza nilifunga mlango, nikamweka dogo pale kama mlinzi: haingii mtu isipokuwa mimi, na nikiingia natoka na kila kitu kwa mara moja. Nikampigia fundi wetu, hapatikani. Bosi, simu inaita mpaka inakata. Nikampigia fundi mwingine ambaye mtu wa kaunta alikuwa na namba yake, akasema yuko Mbagala kwenye kazi, atafika saa 5.

Saa 5! Sendofu inatakiwa kula saa 3.

Kisha nikachukua kipimajoto cha sindano, kile tunachochomea nyama choma. Hapa ndipo mambo yakabadilika kichwani kwangu, kwa sababu ile 12 ya mlangoni ni joto la hewa. Samaki hana haraka kama hewa. Nikachoma kitu kimoja kimoja katikati. Paja la ng'ombe, lililokuwa nyuma kabisa chini: 4. Changu: 1. Ndiyo, 1! Walikuja asubuhi kwenye kreti zenye barafu ya kusagwa na mvivu mmoja hakuwahamisha, barafu bado ilikuwepo nusu. Sijawahi kuushukuru uvivu wa mtu kama siku ile. Kamba: 6. Kuku kwenye ndoo: 8 katikati, pembeni 10. Jodari, vipande vyembamba, trei ya juu kabisa karibu na mlango: 9.

Tuna bi mkubwa mmoja jikoni, wa Tanga, ameanza kupika kabla sijazaliwa. Yeye hakushika kipimajoto. Alipanga meza kwa mkono: huku vitu vinavyokwenda motoni sasa hivi, huku vya kuwekwa kwenye barafu, huku vya kutupa, na kule uani vitu ambavyo havina shida. Kumbe robo tatu ya chumba ilikuwa vitu visivyo na shida. Nyanya, hoho, ndimu, mayai, siagi, makreti ya soda ambayo mtu wa baa alikuwa anatuletea kwa ujanja. Vyote vikatoka uani.

Wali wa mchana ukaenda kutupwa bila mjadala, na tui na krimu nyuma yake. Wali ndio uliowashangaza vijana, wakasema si tunaukaanga tu? Bi mkubwa akawaambia wali uliolala kwenye joto sumu yake haisikii kikaango.

Kuku wote 40 wakaenda jikoni na kwenye jiko la mkaa kwa mpigo. Menyu ya sendofu ilikuwa na kuku wa kupaka na kuku wa kukaanga kwa zamu mbili, nikasema leo hakuna zamu, wanaiva wote sasa, mpaka sindano isome zaidi ya 74 kwenye paja karibu na mfupa. Kamba nao wote kwenye nazi mpya iliyokunwa palepale. Mpaka hapo shangazi hajajua kitu.

Kikabaki jodari.

Mama_Sangara

Mimi niko Mwanza, nauza samaki mwaka wa 11. Umeme ukikatika sisi hatuna presha yote hiyo. Sangara akilegea kidogo namkaanga mkavu, au anakwenda kwenye moshi, anauzwa vizuri tu na sijawahi kuletewa mgonjwa. Nyie watu wa Dar mnatupa chakula kwa sababu ya kipimajoto. Barafu yangu naifukia kwenye pumba za mpunga kwenye sanduku la mbao, inalala siku mbili.

Mkaguzi_Mstaafu

Mama Sangara, pumba ni nzuri sana, hapo nakupa tano. Ila sangara na jodari msiwaweke kapu moja. Jodari, nguru, vibua, hawa wa baharini wenye nyama nyekundu nyekundu, ndani ya nyama yao kuna kitu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto wanakigeuza kuwa histamini. Huyo ndiye samaki ambaye watu wa pwani wanasema anawasha. Unakula, nusu saa haijaisha uso mwekundu, midomo inachoma, kichwa kinagonga, mwili unatoka mabaka. Watu wanadhani ni mzio, na kesho wanaapa hawali tena samaki.

Ubaya wake ni kwamba bakteria unawaua kwa moto, lakini histamini ikishatengenezwa inabaki. Ukikaanga ipo, ukigandisha ipo, ukitia kwenye kopo ipo. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Sangara wako hana tatizo hilo, ndiyo maana hujaletewa mgonjwa. Ana matatizo mengine, lakini siyo hilo.

GesiTupu

Mimi nimekula jodari wa jana yake maisha yangu yote na niko hai. Chemsha vizuri, kamulia ndimu. Kila mdudu anakufa.

Mkaguzi_Mstaafu

Mdudu anakufa, nakubaliana na wewe. Nimesema alichokiacha hakifi.

Mpishi_wa_Zamu

Mkaguzi ndiye anasema kile bi mkubwa alichosema kwa maneno mawili. Mimi, nakiri, nilitaka kumpika. Kilo 18 za jodari siyo pesa ya kuchezea, na wateja wa mbele walikuwa wameshaagiza sita. Nikamwambia bi, tunamtoa kwenye jiko la mkaa haraka, anaiva, tunamaliza. Akaniangalia. "Jodari aliyelala nje anawasha. Utamwasha nani, bibi harusi?"

Nikauliza kwa sauti jiko zima: nani aliingia mle jioni na akasikia baridi? Mtunza stoo akasema yeye aliingia saa 11 kuweka kamba, na anakumbuka vizuri kulikuwa na baridi, kwa sababu alipotoka miwani yake iliingia ukungu akaifuta kwa aproni. Hiyo kwangu ilikuwa kama ushahidi wa mahakamani. Kama saa 11 kilikuwa kizima, basi jodari ana saa mbili na kidogo tu, bado tuko ndani ya zile saa nne tunazofundishwa kazini.

Nikaanza kuwasha jiko la mkaa la pili. Bi mkubwa akaweka mfuniko juu ya trei na kuikalia. Siyo mzaha, aliikalia kweli, juu ya kiti amepakata trei. Tukawaambia wateja sita jodari ameisha, tukawapa changu kwa bei ileile. Mmoja akanuna, watano wakafurahi.

Mzee_Jokofu

Ushahidi wa miwani usiutegemee. Hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kuifanya chupa ya maji ya nyuzi 15 itoe jasho mezani. Miwani ikipoa kidogo tu mle ndani, hata kwa nyuzi 12, ukirudi jikoni kwenye mvuke inaingia ukungu. Mtunza stoo wako hakudanganya. Alichokiona kinamaanisha tu kwamba ndani palikuwa na ubaridi kuliko jikoni, na jiko lenu saa 11 nadhani halikuwa chini ya 34.

Mpishi_wa_Zamu

Dah. Mzee, umeniondolea shahidi wangu wa pekee.

Kaka_wa_Tabata

Barafu! Barafu mlipata wapi?

Mpishi_wa_Zamu

Nakuja huko. Mashine ya barafu iko baa, na mtu wa baa akasema barafu yake ni ya vinywaji, sendofu ina watu 60 wanakunywa. Tuligombana mbele ya weita, sijivunii. Akanipa ndoo mbili.

Kijana anayetuletea changu ndiye aliyetuokoa. Anawafahamu wanaowapakilia wavuvi barafu kabla ya kuingia baharini usiku, karibu na soko la Feri. Saa 3:20 usiku kirikuu ikaingia uani na viroba kumi vya barafu ya kusagwa, kila kimoja kama kilo 25, vimefunikwa turubai na maji yanachuruzika barabara nzima. Wageni wa sendofu ndiyo kwanza wanapakua kuku. Mziki umewashwa juu, hakuna aliyesikia sisi tunavyoburuza viroba.

Madeli tulikuwa nayo manne, mengine tukatumia mapipa ya plastiki ya kuhifadhia maji, tukayasugua na sabuni kwanza. Chini barafu, changu kwa tabaka, barafu, changu, barafu, na tundu la chini wazi ili maji yatoke. Nyama ya ng'ombe haitaki kulala kwenye maji, kwa hiyo tuliikata vipande vikubwa, tukaifunga kwenye mifuko mizito na kuitia kwenye deli lake peke yake. Maziwa na jibini deli jingine.

Na pipa moja tulifanya uji: barafu, maji na vikombe kadhaa vya chumvi ya mawe, tukalikoroga kwa mwiko wa ugali wa shule. Humo ndimo tulimotumbukiza kila kitu kilichofungwa vizuri kwenye mfuko ambacho kilikuwa kimepanda kidogo, mfano supu na mchuzi wa msingi ambao tulikuwa tumeuchemsha upya. Ule uji unashika mfuko pande zote. Barafu tupu bila maji inashika mfuko sehemu sehemu tu, penye hewa hapapoi. Mchuzi wa moto lita 5 kwenye mifuko mitano myembamba ulishuka nikiwa namalizia kuosha pipa la pili.

Chumvi tahadhari: inashusha uji chini ya sifuri. Niliacha mfuko mmoja wa jibini laini humo, ukaganda pembeni kama sabuni.

Mama_Sangara

Kilo 250 kwa changu kreti mbili na paja? Barafu nyingi mno. Ulipigwa.

Mkaguzi_Mstaafu

Hapana, alifanya sawa. Kumpoza samaki mwenyewe ni kazi ndogo, samaki kilo 40 wa nyuzi 9 kuwafikisha sifuri unamaliza kama kilo 4 tu za barafu. Barafu nyingine yote inapigana na joto la Dar linaloingia kwenye pipa usiku kucha. Pipa la plastiki halina pumba zako, mama. Kwa vyombo vile, kilo kwa kilo ndicho kiwango cha kulala nacho usingizi, na waliongeza kidogo.

Mpishi_wa_Zamu

Tulibakiza viroba vitatu hata hivyo. Viwili nikampelekea mtu wa baa. Tumepatana.

Fundi akafika saa 5:15 na mfuko wake wa bisibisi. Kijana mdogo, nikakata tamaa nilipomwona. Hakuingia hata chumbani. Akauliza, "Mtambo wa nje uko wapi?" Uko juu ya paa la stoo, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke, kwa sababu bomba la moshi wa jiko linatokea mita mbili tu kutoka pale. Akamulika tochi. Ile koili ya nje, yenye mapezi membamba, ilikuwa imevaa blanketi. Mafuta ya jikoni, juu yake vumbi, juu yake manyoya ya kunguru.

Feni ya nje haizunguki, inaunguruma tu kama nyuki kwenye kopo. Akachukua kijiti, akaisukuma bawa moja, ikaanza kuzunguka yenyewe polepole. Akasema, "Kapasita, ile inayoipa feni nguvu ya kuanza." Akazima umeme, akafungua, akatoa kakitu kadogo kamevimba tumbo. Imeandikwa 5, kipimo chake kinasoma chini ya 2. Akanionyesha na swichi ya presha, kitufe chekundu kimeruka. Maelezo yake: feni ikisimama, joto halina pa kwenda, presha inapanda, swichi inakata kompresa isipasuke. Swichi ilifanya kazi yake. Haikuwa na njia ya kutuambia.

Kapasita saa 5 usiku Jumamosi utainunua wapi? Akauliza kama kuna eesii ofisini. Akapanda kwenye mtambo wa nje wa eesii ya bosi, akaufungua, akakuta ya feni yake ni 5 vilevile na volti 450 vilevile. Akaihamisha. Bosi atalala na joto, mimi sijali.

Kabla ya kuwasha akaosha koili kwa maji ya sabuni, kwa taratibu, kutoka ndani kwenda nje ili uchafu usisukumwe katikati. Maji yaliyotoka yalikuwa kama mchuzi wa maharage. Akabonyeza kitufe saa 6:20 usiku. Kompresa ikakohoa, ikashika.

Mzee_Jokofu

Huyo kijana mpe kazi. Wengi wangebonyeza kile kitufe kwanza, ikawaka dakika kumi, wakachukua hela wakaondoka. Inakata tena, wanabonyeza tena, na siku ya nne kompresa inaungua. Hapo ndipo gharama inapokuwa gharama.

Swali: kulikuwa na mtu ameongeza gesi hivi karibuni?

Mpishi_wa_Zamu

Mzee wewe ni mganga? Wiki tatu nyuma chumba kilikuwa kinasuasua, kinakaa nyuzi 6 mchana. Yule fundi wetu asiyepatikana akaja akaongeza gesi, kikashuka kidogo siku mbili.

Mzee_Jokofu

Basi. Koili chafu ilikuwa inainyima pumzi tangu wakati huo. Akaongeza gesi kwenye mtambo ambao presha yake ilikuwa tayari juu. Feni ikafanya kazi kwenye joto kali wiki tatu, na kapasita haipendi joto. Mwite kijana apime, huenda kuna gesi ya kupunguza.

GesiTupu

Au umeme ulicheza. Mitaa mingi jioni umeme unashuka, feni zinashindwa kuanza, kapasita inakufa. Siyo kila kitu ni uchafu.

Mzee_Jokofu

Hilo nalo linawezekana, sikatai. Leo umesema kitu.

Mpishi_wa_Zamu

Ni kweli taa zilipepesa kama saa 11 na nusu, jenereta ikawaka na kuzimika. Kwa hiyo sijui. Na ikiwa ni hapo, basi jodari wangu alikuwa na saa mbili tu.

Nimalizie. Fundi alituambia tusirudishe vitu haraka. Chumba kile kimejengwa kutunza baridi ya vitu vilivyokwisha kupoa, hakiwezi kunyang'anya joto sufuria 20 kwa pamoja. Tukakiacha kitupu, mlango umefungwa. Saa 7 usiku kinasoma 9. Saa 8, 6. Sendofu wakaondoka na vigelegele vyao, shangazi akaja jikoni kutushukuru kwa kuku, akasema hajawahi kuona kuku waliotoka wote moto kwa wakati mmoja. Bi mkubwa akajibu, "Ndiyo mtindo wetu mama."

Jodari tulimtoa nje kama saa 9 usiku. Mlinzi akaona trei. Akasema, "Nipeni mie, tumbo langu limezoea." Ana watoto wanne, namfahamu. Nikasimama pale na trei mikononi sijui nasema nini. Bi mkubwa akampakulia kuku wawili wazima waliobaki na sufuria ya kamba, akampa. Kisha akachukua ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe akaimwaga yote juu ya jodari, kilo 18, ili asije mtu akamtoa pipani. Harufu ile bado iko puani kwangu.

Saa 11 alfajiri kioo kinasoma 3. Tukarudisha nyama kwanza, halafu changu, bado na barafu yao.

Mkaguzi_Mstaafu

Mpishi, nikuambie jambo ambalo huenda likakuuma. Ule mwongozo wa Marekani wa wachakataji wa samaki, kwa jodari ambaye hajawahi kugandishwa, unaruhusu saa 8 kwa jumla juu ya nyuzi 4, mradi hakuvuka 21 hata mara moja. Saa 4 ni pale alipovuka 21. Wako alifika 9. Kwa kipimo hicho, hata kama chumba kilikufa saa 9 alasiri, huenda alikuwa mzima.

Mpishi_wa_Zamu

Umeniua.

Mkaguzi_Mstaafu

Subiri. Nimesema kwa jumla. Saa hizo ni za samaki aliyepozwa chomboni mara baada ya kuvuliwa, na zinajumlishwa kuanzia hapo. Alikaa saa ngapi kwenye ngalawa bila barafu? Alikaa muda gani kwenye meza ya mnada juani? Unajua?

Mpishi_wa_Zamu

Sijui. Alikuja ameshakatwa.

Mkaguzi_Mstaafu

Basi na mimi sijui. Ningekuwa pale sijui kama ningekalia trei, lakini nisingempika kwa ajili ya watu 60.

Mama_Sangara

Mimi ningemkausha kwa chumvi. Ila baada ya kusoma hapa sijui tena.

Kaka_wa_Tabata

Bosi alisemaje?

Mpishi_wa_Zamu

Bosi alipatikana Jumapili saa 4 asubuhi. Kitu cha kwanza aliuliza kwa nini ofisini kuna joto. Cha pili, jodari wa nani. Anataka kukata nusu ya bei ya jodari kwenye mishahara ya zamu ile, mimi nimesema wakate yangu kwa sababu karatasi niliibandika mimi, bi mkubwa amesema wakikata wa mtu yeyote yeye anarudi Tanga. Kikao ni Alhamisi. Karatasi za oda sasa zinabandikwa kwenye friji ya soda.

Dada_wa_Mbezi

Jamani na mimi maziwa yangu?

Mzee_Jokofu

Dada, usiguse namba. Toa vitu vyote, izime siku nzima mlango wazi, weka tambara chini. Ukiwasha tena chini kukapoa, basi barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya kutoka juu. Isipopoa, rudi hapa.

Dada_wa_Mbezi

Ahsante. Na ile nyama iliyomo ndani niipeleke wapi siku nzima?

Mpishi_wa_Zamu

Nina kiroba kimoja kimebaki, dada. Uko Mbezi ipi?